Barua ya benki ya kuombea mali kauli: sentensi moja ilitukatisha limiti

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa sababu ya meneja, nitamfikia. Benki siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Sisi ni kampuni ndogo, mi na mwenzangu na vijana wachache. Kuna saplaya mmoja mkubwa tumekuwa tukinunua kwake kwa keshi muda mrefu, juzijuzi akatuambia fungueni akaunti ya mkopo, mzigo mchukue mali kauli mlipe siku 30 baada ya mwezi kuisha. Kwenye fomu yake akataka barua ya referensi kutoka benki yetu. Nikasema hii si shida, akaunti tunayo miaka, hatujawahi kurudishiwa hundi hata moja, mkopo wa benki hatuna, ovadrafti hatuna. Nikaenda na barua ya kampuni yenye saini zetu wote wawili ya kuwaruhusu watoe taarifa zetu, maana benki bila ruhusa ya mteja haitakiwi kumwambia mtu wa nje chochote. Nikalipa ada. Barua ikatoka, letahedi safi, muhuri, saini mbili. Mistari minne tu. Akaunti ni ya kampuni fulani, ilifunguliwa mwaka fulani, inaendeshwa kwa kuridhisha, na mwisho ikasema: "salio la wastani liko katika tarakimu nne za chini."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuumiza.

Naandika namba bila jina la pesa ili kila mtu aelewe popote alipo. Tunachukua kwa huyu saplaya mzigo wa kama 10,000 kwa mwezi. Tukaomba limiti ya 20,000, na hapa wengi wanadhani tumeomba mara mbili kwa tamaa, hapana, ukilipa siku 30 baada ya mwezi kuisha, mzigo uliochukua tarehe moja unakaa karibu miezi miwili haujalipwa, kwa hiyo kabla hujalipa wa mwezi uliopita tayari una deni la mwezi huu juu yake. Miezi miwili ya 10,000 ni 20,000, ukipewa chini ya hapo mzigo unasimamishwa katikati ya mwezi. Sasa mtu wa mikopo kule kwa saplaya ana fomu inasema 20,000 mkono mmoja, na mkono mwingine ana barua ya benki inasema tarakimu nne za chini, ambayo kwa lugha ya benki kawaida ni kama 1,000 mpaka 3,000 na kitu. We ungekuwa ndo yeye ungefanyaje? Akatupa limiti ya 2,000. Akaniambia kwa upole kabisa, ndugu yangu, sina neno na nyie, ila benki yenu wenyewe inasema hamna kitu.

Hamna kitu! Wakati kila wiki zinaingia kama 9,000 kwenye hiyo hiyo akaunti, kwa mwezi karibu 40,000.

Inakuwaje? Benki inachukua salio la mwisho wa kila siku, inajumlisha, inagawa kwa idadi ya siku. Chukua wiki yetu moja ya kawaida. Jumatatu asubuhi kuna 500, wateja wanalipa 9,000, siku inafungwa na 9,500. Jumanne tunalipa masaplaya na mishahara 8,000, zinabaki 1,500. Jumatano 1,200, Alhamisi 900, na inabaki 900 hivyo hivyo mpaka Jumapili. Jumlisha zote ni 15,800, gawa kwa 7 unapata kama 2,250. Hiyo ndo "salio la wastani". Yaani kadiri unavyolipa watu mapema, ndivyo benki inavyokuandika maskini, na yule anayekalia hela za watu mwezi mzima bila kulipa anaonekana tajiri! Ni kumpima muuza maji kwa maji yaliyobaki ndooni jioni. Anayeenda kukukopesha anatakiwa aone pesa ngapi zinapita, na kama umewahi kuandika malipo yakarudi kwa kukosa pesa. Barua yangu haikusema hata moja kati ya hayo mawili.

Basi nikarudi benki. Kwenye dawati la biashara kuna kijana, mdogo kwangu sana, nikamsalimia vizuri, nikamweka barua mbele nikamwambia mwanangu, hii haina uongo lakini haijasema kitu, naomba muongeze mzunguko wa akaunti kwa mwezi na kwamba hatuna malipo yaliyorudi. Hakuisoma. Akaisukuma na kidole ikarudi upande wangu, akasema, "Mzee, sisi hatuandiki barua za kupamba wateja." Kwa sauti, watu kwenye foleni wanasikia. Nikamwambia sikuombi upambe, nakuomba uandike kilichopo kwenye kompyuta yako hapo. Akasema hiyo ndo fomati, kama saplaya haitaki ni shida yako na saplaya, halafu akaita namba ya mtu anayefuata mi bado nimekaa!

Kupamba! Neno hilo bado linanikereketa mpaka naandika hapa. Mtu anayeomba ukweli wote uandikwe anaambiwa anataka kupambwa, mbele za watu, kwenye benki ambayo hela yake ndo inapita kila Jumatatu.

Sasa haki itendeke. Benki ina sababu ya kuogopa kuandika zaidi, na sababu hiyo ni ya kweli. Chini ya barua kuna maneno madogo kwamba taarifa ni ya siri na inatolewa bila wajibu wowote kwa benki au watumishi wake. Haya maneno hayajawekwa hivi hivi. Kuna kesi maarufu ya Uingereza, Hedley Byrne dhidi ya Heller, iliamuliwa na Mahakama ya Malodi mwaka 1963. Hedley Byrne ilikuwa wakala wa matangazo, ikaulizia hali ya mteja wake, benki ya huyo mteja ikajibu kwamba ni kampuni nzuri kwa shughuli zake za kawaida, ila kiasi kilichotajwa ni kikubwa kuliko walichozoea kuona. Wakala akaendelea, mteja akafilisika, zikapotea kama pauni 17,000. Majaji wakasema anayetoa maelezo kwa uzembe anaweza kudaiwa na aliyeyategemea, lakini benki ikaponea pale pale kwa sababu ilikuwa imeandika "bila wajibu". Ndo maana benki hazisemi "huyu atakulipa", na ndo maana anayezisoma barua hizi kila siku anasoma zaidi kisichosemwa. Ile "kiasi ni kikubwa kuliko tulichozoea kuona" ilikuwa onyo, aliyeelewa aliamka. Kwa hiyo mi sikuomba benki inidhamini kwa 20,000 wala iseme tunaweza kulipa. Nikisikia mtu analaumu benki imekataa kumwandikia hivyo, hapo nitakuwa upande wa benki.

Lakini mzunguko wa akaunti si maoni, ni hesabu. Hundi kutorudi si maoni. Yapo kwenye stetimenti, yule kijana angebonyeza tu akayaona.

Kilichotuokoa ni meneja wa tawi. Nilipanda juu bila miadi, mama mmoja mtulivu, akanikaribisha nikae, akaisoma barua yote kabla hajasema neno. Kisha akauliza swali ambalo kule chini hakuna aliyeuliza: saplaya anataka kujua nini, na limiti ni ya kiasi gani? Nikamwonyesha fomu. Akafungua akaunti yetu miezi 12, akaandika upya mwenyewe. Barua ya pili ikawa na jina la saplaya juu badala ya "kwa yeyote anayehusika", na jina letu kama lilivyo kwenye usajili, si lile la kibiashara la kwenye bango, maana saplaya anaanza kwa kulinganisha jina na fomu. Ikasema pesa zinazoingia kwa mwezi ni wastani wa tarakimu tano za kati. Ikasema katika kipindi hicho hakuna malipo yaliyorudi kwa kukosa pesa. Ikasema hatuna mkopo wala ovadrafti na benki haishikilii dhamana juu ya mali zetu, na hii saplaya anaitaka sana, kwa sababu benki ikiwa na dhamana, kampuni ikianguka benki inajichukulia kwanza na yeye anabaki kuokota makombo. Salio la wastani likabaki vile vile, tarakimu nne za chini, hakulificha, ila sasa lilikuwa na majirani wa kulielezea. Na maneno ya "bila wajibu" yakabaki chini kama kawaida, sawa kabisa.

Halafu akaituma kwa barua pepe ya benki moja kwa moja kwa saplaya, mi nikapewa nakala tu, kwa sababu barua iliyopita mikononi mwa mteja siku hizi wengi hawaiamini, za kughushi zimekuwa nyingi. Yule wa mikopo akatupandisha mpaka 15,000 akasema tukilipa vizuri miezi ya mwanzo anatazama tena. Si 20,000, ila inafanya kazi, mwisho wa mwezi tunapunguza oda kidogo tunavuka.

Kwa hiyo baada ya barua ya pili nilikuwa nishaamua kuwapa nyota tatu. Yule mama anastahili, na barua ya pili ni nzuri kuliko nyingi nilizoonyeshwa na wenzangu.

Ila juzi nimefungua stetimenti nikakuta wamekata ada ya barua tena! Ada kamili, ya pili, maelezo yake yanasema "barua ya referensi". Yaani barua ya kwanza iliyokuwa nusu nimeilipia, na ya kuinyoosha nimeilipia pia. Nikapiga simu, aliyepokea akaniambia mfumo unakata wenyewe kila barua inapotoka, nikaomba irudishwe, akasema niandike. Nimeandika, kimya. Hata wakirudisha, nyota inabaki moja, kwa sababu yule kijana bado yuko pale pale dawatini na mwenye kampuni ndogo atakayefuata hatajua kwamba kuna ngazi ya kupanda juu. Wewe unayekwenda, usiombe "barua ya referensi" tu. Nenda na fomu ya saplaya, waandikie kwa maandishi kwamba unataka mzunguko wa mwezi na malipo yaliyorudi vitajwe, na isome barua kabla hujaondoka kaunta na kabla haijatumwa.