Adivansi ya kazini au mkopo wa nje: njia tano, kuanzia ya kukimbilia hadi ya kukimbia

Mtu akikwama katikati ya mwezi huuliza ni wapi riba ni ndogo. Mimi humwomba kwanza ajibu swali jingine: siku mshahara ukiingia na deni likishakatwa, utabakiwa na kiasi gani, na kitakufikisha mshahara unaofuata? Nimeona watu wakichukua adivansi isiyo na riba hata senti moja, kisha ikawasukuma kwa wakopeshaji kwa sababu ilikatwa yote kwa mkupuo. Kwa hiyo mpangilio wangu hautazami riba peke yake. Unatazama pia pengo ambalo deni litaliacha mwezi ujao.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mfanyakazi anapokea mkononi 60,000 kwa mwezi, kodi na makato ya kisheria yakiwa yameshatoka. Pango, chakula, nauli na mengine yasiyokwepeka yanakula 48,000. Anabakiwa na 12,000. Leo amepatwa na dharura ya 20,000.

1. Adivansi inayokatwa kwa awamu

Hii ndiyo ya kuomba kwanza. Akikatwa 10,000 mwezi huu na 10,000 mwezi ujao, kila mwezi anapokea 50,000, analipa mahitaji yake ya 48,000, na bado ana 2,000. Deni limekwisha kwa miezi miwili, hajalipa gharama yoyote, wala hajakopa kuziba pengo la deni lenyewe.

Shida ni kwamba waajiri wengi hawatoi awamu mpaka uombe. Kawaida yao ni kukata yote mwisho wa mwezi, maana kwao adivansi ni ujira ambao tayari umeshaufanyia kazi: ukifika nusu ya mwezi, nusu ya mshahara ni jasho lako. Ukitaka ikatwe kwa zaidi ya mwezi mmoja, machoni mwa mhasibu hiyo inakaribia kuwa mkopo wa mwajiri, na huenda ikahitaji idhini ya mtu wa juu yake. Kwa hiyo andika barua fupi yenye mambo matatu: kiasi, idadi ya awamu, na mwezi ambao makato yataanza. Ipeleke mapema, kwa sababu orodha ya mishahara hufungwa siku kadhaa kabla ya malipo, na barua inayofika baada ya hapo husubiri mzunguko mwingine.

Nasisitiza maandishi kwa sababu yaliwahi kunikuta. Nilichukua adivansi tarehe 12, nikasaini vocha na kupokea fedha taslimu. Mwisho wa mwezi slipu ya mshahara ilikuwa na mistari miwili ya kiasi kilekile: mmoja umeandikwa “adivansi”, mwingine “makato mengineyo”. Aliyetoa fedha alikuwa ameipeleka vocha kwa wa mishahara, halafu wa mishahara akaingiza tena kutoka kwenye daftari. Nilirudishiwa, lakini mwezi uliofuata, na wiki zile za katikati niliishi kwa kukopa. Kilichoniokoa ni nakala ya vocha niliyokuwa nimeipiga picha. Tangu hapo nikipokea slipu naangalia mambo mawili: adivansi imekatwa mara moja tu, na kodi pamoja na michango ya pensheni vimekokotolewa juu ya mshahara wote kama kawaida. Adivansi hukatwa mwishoni kabisa, baada ya hayo yote.

2. Mkopo wa awamu kutoka chama cha akiba na mikopo au benki

Najua wengi wangeweka adivansi ya mkupuo nafasi hii. Mimi nauweka mkopo huu mbele, ingawa una riba, kwa sababu ya lile pengo. Mfanyakazi wetu akikopa 20,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayopigwa juu ya salio linalopungua, na akalipa kwa miezi sita, rejesho lake ni takriban 3,510 kwa mwezi. Jumla atalipa kama 21,060, yaani riba inafika 1,060 hivi. Rejesho linaingia vizuri ndani ya ile 12,000 yake, na kila mwezi anabakiwa na zaidi ya 8,000.

Hapo kwenye maneno “salio linalopungua” ndipo watu huumia. Mkopeshaji mwingine atakutajia asilimia 18 ileile, kumbe anaipiga juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. Kwa mkopo wa 20,000 wa miezi 12, riba ya namna hiyo ni 3,600. Ukihesabu kwa salio linalopungua, mkopo uleule kwa asilimia 18 una riba ya kama 2,000 tu. Ile 18 uliyotajiwa, ukiigeuza kwa hesabu ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 32. Ujanja wa kugundua ni rahisi: usiulize asilimia, uliza rejesho la kila mwezi na idadi ya miezi, zidisha, kisha toa kiasi utakachotia mfukoni. Nasema utakachotia mfukoni kwa sababu ada ya maombi na bima mara nyingi hukatwa palepale. Umesaini 20,000, unaondoka na 19,200, lakini riba inahesabiwa juu ya 20,000.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Benki huchukua siku, na chama kitataka uwe na akiba na wadhamini. Mdhamini ni mtu wa kufikiriwa sana: ukishindwa, akiba yake ndiyo inayoguswa. Dharura ya usiku wa leo haiwezi kungoja kikao cha kamati, na hapo unashuka ngazi.

3. Adivansi inayokatwa yote kwa mkupuo

Kwa kiasi kidogo, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza pamoja na ile ya awamu. Mpaka ni ile ziada yako ya mwezi. Mfanyakazi wetu akichukua 10,000, mwisho wa mwezi anapokea 50,000 na maisha yanaendelea. Akichukua 20,000, anapokea 40,000 huku mahitaji ni 48,000. Amepungukiwa 8,000, na wiki ya tatu atarudi dirishani kwa mhasibu. Akipewa adivansi ya pili ya 8,000, mwezi unaofuata atapokea 52,000 na kutoka salama. Akinyimwa, na waajiri wengi hawatoi adivansi miezi miwili mfululizo, 8,000 hiyo itatafutwa kwenye njia ya nne au ya tano hapa chini. Hivi ndivyo fedha ya bure inavyomfikisha mtu kwenye fedha ghali.

Kuna jambo jingine linalohusu adivansi zote mbili. Ukiacha kazi au ukiachishwa, kilichobaki hukatwa kwenye malipo yako ya mwisho, yaani wakati huohuo ambao huna mshahara unaofuata. Soma fomu kabla ya kusaini: je, inamruhusu mwajiri kukata chote kwa mara moja siku ya kuondoka? Makato hayaendi kwa utashi wa bosi peke yake. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa ujira, unataka makato yafanyike kwa masharti na viwango vilivyowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo uliza kikomo cha makato unapofanyia kazi, na kama fomu inakivuka, sema kabla ya kusaini.

4. Kampuni ya kutoa mshahara mapema kwa ada

Hapa mwajiri ameungana na kampuni, na wewe unachota sehemu ya ujira wako kwa simu kabla ya siku ya malipo. Haraka yake ni ya kweli, na huhitaji kumweleza bosi shida zako, jambo ambalo wengine hulithamini kuliko fedha. Hawaiiti riba, wanaiita ada ya huduma. Lakini chota 5,000 siku kumi kabla ya mshahara kwa ada ya 500, na umelipa asilimia 10 kwa siku kumi. Ukilipa kwa kiwango hicho mwaka mzima, ni asilimia 365.

Ada ikiwa ni ileile kwa kila mchoto, hatari iko kwenye vichoto vidogovidogo. Anayechota 2,000 mara nne kwa mwezi ameacha 2,000 nzima kwenye ada. Kama ni lazima uitumie, chota mara moja kiasi chote unachohitaji, ukiwa karibu na katikati ya mwezi kuliko siku mbili kabla ya mshahara, na usikubali mchoto wa kujirudia wenyewe kila mwezi.

5. Mkopo wa siku 30 wa simu au wa mtaani

Huu ndio wa mwisho, na wengine wameupa jina linaloustahili, kausha damu. Chukua ada ya asilimia 10 kwa siku 30. Mfanyakazi wetu anakopa 20,000, siku ya mshahara anadaiwa 22,000, anabaki na 38,000, na amepungukiwa 10,000. Anaikopa tena, analipa 11,000 mwezi unaofuata na kubakiwa na 49,000. Amepona, kwa gharama ya 3,000. Huyo ni yule aliyeenda vizuri.

Wengi hawaendi hivyo, kwa sababu mkopeshaji huwapa njia inayoonekana laini: lipa ada tu, 2,000, deni lisogee mbele mwezi mmoja. Baada ya miezi sita umelipa 12,000 na bado unadaiwa 20,000 kamili. Dalili ya kuwa umeingia humo ni salio ambalo halishuki ingawa kila mwezi unalipa.

Kabla ya kubonyeza kukubali, angalia programu inaomba ruhusa gani kwenye simu. Ikitaka orodha ya majina na namba zako zote, elewa kwamba hao ndio watakaopigiwa ukichelewa, pamoja na wakwe na mkubwa wako wa kazi. Angalia pia kama unairuhusu ijivutie fedha kwenye akaunti yako bila kukuuliza. Ikivuta siku moja kabla ya mshahara na kukuta akaunti tupu, benki inaweza kukutoza faini, mkopeshaji akakutoza ya kuchelewa, na jina lako likapelekwa kwenye taasisi ya taarifa za mikopo.

Na kama tayari umo ndani ya deni la namna hii, hapo adivansi ya awamu ina kazi nyingine nzuri kuliko zote: iombe ilipe lile deni lote kwa siku moja. Ile 20,000 inayokugharimu 2,000 kila mwezi inakuwa 20,000 ya mwajiri, inakatwa 10,000 mara mbili, inakwisha. Dai uthibitisho wa maandishi kwamba salio ni sifuri, kisha ondoa ruhusa ya kuvuta fedha kwenye akaunti yako siku hiyohiyo.