TAHADHARI: Tovuti inayouza unga wa mlonge kama tiba ya kisukari

Ndugu zangu mlio na wagonjwa wa sukari nyumbani, someni hili kabla hamjatuma hela.

Mama yangu mkubwa alisoma kwenye tovuti moja kwamba vidonge vya kisukari vya metformini vinaharibu figo, na kwamba unga wa mlonge na uwatu unaponya kisukari kwa siku 40. Akatuma shilingi 85,000, akaacha vidonge. Wiki ya tatu tukamkimbiza hospitali, macho yanaona ukungu, haja ndogo usiku kucha, sukari 24. Namshukuru Mungu amerudi kwenye dawa na anaendelea vizuri. Mimi nikakaa na ile tovuti jioni nzima.

Mwandishi ni "Dokta" mwenye jina moja tu. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini jina moja huwezi kulitafuta popote. Picha yake nikaipitisha Google Lens, uso uleule ukatokea kwenye matangazo ya kuuza krimu kwa lugha nyingine.

Juu ya makala pameandikwa "Imesasishwa leo". Kesho yake nikafungua tena, bado "leo". Nikaingiza anwani yake kwenye web.archive.org, inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za mtandaoni, nikakuta maneno yaleyale, neno kwa neno, yapo tangu miaka minne iliyopita. Tarehe inajibadilisha yenyewe, makala haijaguswa.

Marejeo ndiyo yaliyonichosha zaidi, kwa sababu yanafanana na ya kweli. Yako sita. Manne hayafunguki. Moja ni ukurasa wao wenyewe. La sita linafungua PubMed, hazina ya mtandaoni ya tafiti za kitabibu, na ni utafiti halisi kabisa, ila ni wa panya waliochomwa sindano ya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kisha wakapewa maji ya majani ya mlonge yaliyokamuliwa kitaalamu. Sukari ya panya ilishuka, ni kweli. Hakuna mtu aliyepimwa humo, wala aliyeambiwa aache dawa. Hata lile la figo wamelipindua: daktari hupunguza au kusimamisha metformini figo zikiwa tayari zimechoka sana, kwa sababu dawa hutolewa kupitia figo. Haimaanishi dawa ndiyo iliyoziharibu.

Halafu nikasoma makala zao za presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Kila moja inaishia kwenye kopo lilelile na namba ileile ya WhatsApp. Ushauri wote unaelekea dukani, na dawa ya hospitali ndiyo mshindani wao.

Kama umeshanunua, usiache vidonge wala insulini, na mweleze daktari unachotumia. Unga wa namna hii umewahi kukutwa sehemu mbalimbali duniani ukiwa umechanganywa kwa siri na glibenklamidi, dawa ya hospitali inayoshusha sukari. Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari kama bado anaweza kumeza, muwahishe hospitali, na lile kopo mlibebe.