Amproliamu ya unga kwa vifaranga wanaohara damu: uzoefu wangu

Niliyotumia ni amproliamu ya unga wa kuyeyusha kwenye maji, nguvu ya asilimia 20, ile ya pakiti ndogo ya gramu 100. Vifaranga walikuwa 200, wa mayai, wakiwa katika wiki ya nne. Naipa nyota nne. Ile moja niliyoikata haihusu dawa yenyewe ila maelezo ya kwenye pakiti, nitafika huko.

Kwanza hakikisha ni koksidiosisi kweli, yaani ugonjwa wa kuhara unaoletwa na vijidudu vya utumboni, kwa sababu wengi huona doa jekundu kidogo wakakimbilia dawa. Kuku mzima hutoa mara chache kwa siku kinyesi laini cha kahawia kinachonata, tofauti na kile kigumu chenye weupe juu. Hicho si ugonjwa. Hata vipande vyembamba vya rangi ya nyama mara moja moja si vya kukutoa roho. Mimi nilikuta damu yenyewe, nyekundu mbichi, imelowesha maranda, na vifaranga kadhaa wamejikunyata chini ya taa, mabawa yameshuka, hawataki chakula. Mmoja alikufa usiku, nikampasua. Kwenye utumbo wa kuku, karibu na mwisho, kuna vifuko viwili virefu vya utumbo mpofu. Vya huyu vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau iliyoiva, na nilipokichana kimoja ikatoka damu tupu. Aina ya aimeria, yaani kijidudu cha koksidiosisi, inayoshambulia vifuko hivyo ndiyo inayowatoa damu vifaranga wa umri huo. Kama unaye mtaalamu wa mifugo karibu, mpelekee mzoga ukiwa bado mbichi.

Sasa dawa. Kipimo cha matibabu kwa unga huu ni gramu 1.2 kwa kila lita ya maji, kwa siku 5 hadi 7. Vifaranga wangu walikuwa wakinywa takribani lita 15 kwa siku, hivyo nilihitaji gramu 18. Nilizipima kwenye mzani mdogo wa jikoni, nikagawa mara mbili: nusu asubuhi, nusu mchana, kila mara kwa maji mapya. Yaliyobaki kesho yake unamwaga. Hakuna chombo kingine cha maji kinachoachwa bandani, la sivyo watakunywa kule kusiko na dawa. Uzuri wa dawa ya maji ni huu: kifaranga mgonjwa huacha kula kabla hajaacha kunywa. Yule asiyesogea kabisa, nilimchovya mdomo mwenyewe.

Hapa ndipo watu wengi huitukana dawa bure. Damu haikukatika siku ya kwanza, wala ya pili, na waliokuwa wamezidiwa waliendelea kufa. Sababu ni kwamba kijidudu kikishamezwa huzaliana ndani ya ukuta wa utumbo kwa hatua, na damu huonekana kwenye siku ya tano hivi, hatua ya pili inapopasua ukuta huo. Amproliamu hukipiga zaidi kikiwa bado kwenye hatua ya kwanza. Kwa hiyo yule unayemwona anatoa damu, madhara yake tayari yamefanyika. Dawa inamwokoa zaidi jirani yake aliyemeza vijidudu jana na juzi na bado anaonekana mzima. Ndiyo maana hutibu kundi zima, na hupimi dawa kwa damu ya saa 24 za mwanzo. Unaangalia kama wagonjwa wapya wanapungua. Kwangu, ilipofika siku ya tatu, hakuna mpya aliyejikunyata, na chakula kilianza kuisha tena kwenye vyombo.

Nyota niliyoikata: pakiti haisemi chochote kuhusu vitamini. Muuzaji aliniambia, "Kaka, chukua na hii vitamini, changanya humo humo, wapate nguvu." Nilikataa, na nakushauri ukatae. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1: kijidudu kinaipokea kikidhani ni chakula, kinabaki na njaa. Ukimwaga vitamini zenye B1 nyingi kwenye maji yale yale, unakilisha mwenyewe na dawa yako inakuwa maji ya rangi. Vitamini K peke yake haina ugomvi na dawa, tena husaidia damu kuganda. Mchanganyiko kamili wa vitamini uweke baada ya dozi kuisha. Pia hakuna kijiko cha kupimia ndani ya pakiti, na kijiko cha chai cha kila nyumba kina ukubwa wake.

Najua utauliza kuhusu toltrazurili. Ni kali zaidi, maana hukipiga kijidudu katika hatua zake zote ndani ya utumbo. Ile ya asilimia 2.5 ni mililita 1 kwa lita ya maji, siku 2 mfululizo, basi. Ningekuta robo ya banda inahara damu, ningeanza nayo moja kwa moja, na ndiyo niliyopanga kuitumia kama siku ya tatu ingepita bila nafuu. Ila haifai kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, na kuitumia kila kundi ni kuzoesha vijidudu. Dawa za sulfa nazo zinatibu, lakini ukizidisha, hasa wakati wa joto ambapo kuku hunywa maji mengi, zenyewe huumiza figo na kuleta kutokwa damu. Oksitetrasaiklini ambayo kila duka linayo haiui koksidia.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo ingenifaa bila kushughulikia maranda. Mayai ya kijidudu yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo yakomae, na bruda ina vyote vitatu. Dawa za kawaida za kunyunyizia banda haziyaui, ganda lake ni gumu mno. Unachoweza kuyanyima ni unyevu na muda. Kila asubuhi nilikwangua maranda yaliyolowa na kushikana kuzunguka vyombo vya maji, nikayatoa nje kabisa, nikaweka makavu. Kuyageuza tu ni kuyazika. Kisha nikainua vyombo mpaka mdomo wa chombo ukalingana na mgongo wa kifaranga, maana ugonjwa wangu ulianzia pale walipokuwa wakimwaga maji kwa miguu. Kipimo changu ni kiganja: nakamata maranda, nabana, naachia. Yakibaki bonge, yameloa. Yakimomonyoka taratibu, yako sawa. Yakipeperuka vumbi, yamekauka kupita kiasi na yatawakohoza.

Baada ya dozi ya matibabu niliendelea na kipimo kidogo, gramu 0.3 kwa lita, kwa wiki moja zaidi. Hiki huwaacha wapate vijidudu kidogo wajenge kinga huku wakiwa wamelindwa. Kinga hiyo ni ya aina ile waliyougua tu, kwa hiyo wakubwa wanaweza bado kushikwa na aina nyingine. Kabla ya kununua pakiti nyingine, soma mfuko wa chakula chako cha vifaranga: baadhi tayari vina dawa ya kuzuia koksidia ndani, na hapo ni vizuri umwonyeshe mtaalamu mfuko na pakiti pamoja kabla hujapima gramu hata moja.