Tiketi halali, naitwa tapeli getini

Niseme mapema: mashine ya kukagua tiketi haina kosa. Mwenye kosa ni yule kijana aliyeishika.

Ilikuwa msimu wa korosho, mimi na mpwa wangu tumetoka Lindi kuja Mtwara kwenye mechi ya saa kumi jioni. Tiketi za jukwaa kuu tulishazilipia kwa simu. Ujumbe ulioingia ulitaja jukwaa na namba ya tiketi, geti haukulitaja. Uwanjani nako kibao hakuna. Ukiuliza, unaonyeshwa foleni. Basi tukapanga foleni, na jua la Mtwara mnalijua.

Zamu yetu ikafika. Kijana kamulika, kioo kikawa chekundu. Akapaza sauti ili foleni nzima isikie: "Mzee, tiketi feki hii, pisha wenzako!" Mimi, na mvi zangu hizi! Nikamwomba anionyeshe kioo, akakificha kifuani. Mpwa wangu akawahi kuchungulia begani kwake: imeandikwa geti siyo sahihi. Feki iko wapi hapo?

Mashine ile ilikuwa imepangiwa tiketi za mzunguko tu. Ukiipelekea ya jukwaa kuu inaikataa, lakini tiketi inabaki nzima, unaenda nayo geti lako. Cha kuogopa ni ikisema imeshatumika, maana hapo kuna mtu keshaingia kwa namba yako, na ndiyo maana picha ya tiketi hairushwi kwenye magrupu. Na ikikubali, ingia hapo hapo. Usikubali kuambiwa "subiri pembeni", kwa sababu kwenye mashine wewe umeshahesabiwa uko ndani. Haya yote kijana alipaswa kunieleza yeye, analipwa kwa kazi hiyo.

Aliyetuokoa ni mama muuza korosho. "Baba, jukwaa kuu wanaingilia kule linakopita basi la timu. Fuata jua." Nikadhani ananitania. Kumbe kweli: jukwaa lenye paa kwa kawaida hujengwa magharibi, ili jua la jioni liwapige mgongoni wanaokaa humo, na macho ya kuwaka yabaki kwa watu wa mzunguko wa mashariki. Kwa hiyo mchana ukishageuka, zunguka ukuta kuelekea jua linakoshukia. Ukikuta magari yamepaki na askari wengi, umefika.

Tulizunguka, tukafika. Hakuna foleni! Binti wa getini kamulika, kijani. "Karibu baba, shikamoo, ngazi ya kushoto." Hasira zikaniishia palepale, nikawa namwambia mpwa wangu kwamba huduma si mbaya kiasi hicho, labda kijana wa kule kachoka tu.

Tuko katikati ya ngazi, uwanja ukalipuka. Goli. La kwetu. Nafuta sifa zote nilizotoa, isipokuwa za binti na za mama wa korosho.