Hedifoni za Bluetooth na kurekodi: kwa nini sauti yako inabaki nyuma ya biti

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna hedifoni za Bluetooth, na tunazipima kwa kazi moja tu: kuimba juu ya biti huku unarekodi. Hukumu naitoa mapema: kwa kazi hii hazifai, na bei haibadilishi kitu. Za bei ghali na za bei chee zinakwama palepale.

Lalamiko mnalijua. Ukiimba unajisikia umekaa ndani ya biti kabisa, ukicheza ulichorekodi sauti inaburuta miguu nyuma. Basi usijilaumu, huenda umeimba sawasawa. Kilichochelewa ni biti yenyewe kufika sikioni mwako.

Simu haiitumi biti kama maji kwenye bomba. Inaikata vipande vidogo, kodeki inavibana, vinarushwa kwa redio, kisha hedifoni inavilimbikiza kidogo kabla ya kuvicheza, ili kipande kikipotea njiani kitumwe tena bila wewe kusikia mkatiko. Kwa kodeki za kawaida, SBC na AAC, safari nzima huchukua milisekunde 150 hadi 250 hivi. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwa milisekunde 200 ni kama unaimba na bendi iliyosimama karibu mita 70 kutoka ulipo.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini. Tuseme biti ina mapigo 100 kwa dakika, yaani pigo moja kila milisekunde 600. Pigo la kwanza liko kwenye sifuri, la tano liko sekunde 2.4. Hedifoni imechelewa milisekunde 200, kwa hiyo pigo hilo unalisikia kwenye 2.6, unatamka silabi hapohapo, na programu inaiandika kwenye 2.6. Theluthi nzima ya pigo imepotea. Hilo si kosa dogo la kusema "tutalificha kwenye miksi".

Mtu atauliza, mbona nikitazama sinema midomo inakwenda na maneno? Kwa sababu kicheza video huichelewesha picha makusudi ili iisubiri sauti. Wewe unayeimba huwezi kucheleweshwa hivyo.

Kuhakikisha hedifoni zako zinachelewa kiasi gani, huhitaji kuimba. Fungua Audacity, programu ya kurekodi kwenye kompyuta, nenda `Generate > Rhythm Track`, weka mapigo 100. Bandika upande mmoja wa hedifoni kwenye maiki, ubane vizuri, kisha rekodi kwenye traki mpya huku milio ile ikicheza. Ukimaliza kuza picha ya mawimbi, pima umbali kati ya mlio wa asili na ule ulioingia kwenye maiki. Rudia kwa hedifoni za waya. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo ya Bluetooth. Kama hata waya unaonyesha pengo, hilo ni la kompyuta, na unalirekebisha kwenye kisanduku cha `Latency compensation`, ambacho Audacity hukiweka kwenye -130 kabla hujakigusa.

"Basi si nisogeze tu sauti niliyorekodi ianze milisekunde 200 mapema?" Unaweza, na kama ulichorekodi ni kizuri mno kukitupa, fanya hivyo. Lakini usikifanye kuwa kawaida. Ukizima na kuunganisha upya, namba hubadilika, na mawasiliano ya redio yakiyumba inaweza kuhama katikati ya wimbo: ubeti wa kwanza unakaa, wa pili unateleza.

Kuna balaa la pili. Ukijisikiliza mwenyewe kupitia Bluetooth, sauti yako inakurudia kama mwangwi, na ulimi unaanza kuwa mzito. La tatu ni kutumia maiki iliyo ndani ya hedifoni hizo. Ukiiwasha, muunganisho wa kawaida hugeuka kuwa ule wa kupigia simu: sampuli 16,000 kwa sekunde, au hata 8,000, badala ya 44,100. Hapo sauti yako na biti yote yanasikika kama simu ya zamani.

Kwa hiyo chukua za waya, zilizofungwa nyuma ili biti isivujie kwenye maiki. Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji adapta ya tundu lake la chaji, kwa mfano ya USB-C. Na kabla hujanunua nyingine, kagua hizo za Bluetooth ulizonazo: nyingi kati ya zile kubwa zinazofunika sikio zina tundu la milimita 3.5. Chomeka waya, zima Bluetooth kwenye simu ili biti isiendelee kupita hewani, kisha rudia kile kipimo cha milio. Zile zinazokuja na kipokezi cha USB cha gigahezi 2.4 huchelewa kidogo zaidi ya waya lakini kwa kawaida huishinda Bluetooth kwa mbali. Nazo zibandike kwenye maiki kwanza ndipo uziamini.