Spreyi za maji usoni: ipi inanyevisha ngozi, ipi inapoza tu

Puliza maji nyuma ya mikono yote miwili. Mmoja uache ukauke wenyewe, mwingine upake mafuta ya mgando ungali mbichi. Baada ya dakika 10 pitisha ukucha taratibu. Mimi nilifanya hivi ofisini, chini ya kiyoyozi: mkono wa kwanza ulibaki na mstari mweupe, umepauka vilevile, na wa pili haukuwa na alama.

Maji yanapokauka huchukua joto la ngozi, ndiyo maana unasikia ubaridi mtamu. Lakini yale yaliyokupoza yameshapotea hewani. Ili yabaki, yanahitaji kitu cha kuyashika na kitu cha kuyafunika. Kwa kipimo hicho, ninazipanga hivi.

Ya kwanza ni spreyi yenye gliserini. Geuza chupa usome viambato, kwa kuwa huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta Aqua kisha Glycerin ikifuata karibu, hiyo ina kazi. Ikiwa gliserini imetajwa mkiani, baada ya manukato, unalipia harufu. Sodium Hyaluronate nayo hushika maji, ila isikufanye ulipe mara mbili. Puliza, kisha paka krimu kabla uso haujakauka.

Ya pili ni maji ya chemchemi, kama Avène au La Roche-Posay za Ufaransa. Ndani ya kopo mna maji yenye madini na gesi ya naitrojeni ya kuyasukuma, basi. Hayana cha kushika unyevu, kwa hiyo hayanyevishi kuliko maji mengine. Ninayapa nafasi ya pili kwa sababu hayana manukato, na ngozi iliyoungua jua au inayowasha huyapokea vizuri. Yaache dakika mbili tatu, halafu kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Ukinunua, anza na kopo dogo la mililita 50, na usiliache ndani ya gari juani: lina gesi yenye shinikizo.

Ya tatu, marashi ya mawaridi. Yale halisi, kama yanayochemshwa Jabal Akhdar huko Omani, yananukia vizuri sana, na bibi zetu wa pwani wanayajua. Lakini harufu hiyo hiyo huwasha ngozi nyepesi, na mengi madukani ni maji yaliyotiwa manukato. Spreyi yenye Alcohol Denat. juu ya orodha iache kabisa, hukausha.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua krimu. Maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa, kwenye chupa safi ya kupulizia, yatatosha kulowesha uso kabla ya kuipaka. Yabadilishe kila siku, maana hayana kihifadhi na wadudu huota humo bila kuonekana.