Huduma ya muhtasari wa mkataba: nyota moja, au labda tatu, sijui

Jamaa hawa siwataji ila presha wamenipandisha. Mkataba wa fremu yangu Kariakoo nilikuwa nao kwenye PDF tu, kopi ya kopi, imepinda na muhuri umekaa juu ya maandishi. Nikawatumia wanitolee muhtasari wa kila kifungu. Ukarudi haraka, umepangwa vizuri kweli, hakuna hata sehemu moja wamesema "hapa hapasomeki". Skani mbovu vile halafu kila kitu kinasomeka? Nikaanza kukagua.

Kifungu cha 6 wameandika mpangaji akiondoka mapema "atarudishiwa" dipoziti. Nikaivuta picha, kumbe mkataba unasema "hatarudishiwa", ile h imemezwa na wino wa muhuri! Neno kama "mpangaii" au "k0di" unaliona mara moja kwamba mashine imekosea kusoma, ila "atarudishiwa" ni Kiswahili safi, hakuna atakayeshtuka, na maana imegeuka kabisa.

Nikapiga simu. "Dada, kifungu cha 9 kiko wapi?" "Hakipo kaka, mkataba wako ndo hauna." "Mbona cha 12 kinasema isipokuwa kama ilivyoelezwa kwenye kifungu cha 9?" Kimya. "Basi aliyeuandika alikosea namba, kaka usitusumbue bwana." Akakata!! Mimi mteja nimelipa, namsumbua!

Kuna kijana wao mwingine ndiye alinipigia baadaye, akaniambia ile PDF hata ukiikuza, mistari iliyokatwa haitarudi maana haikuskaniwa, tafuta nakala yenye muhuri wenyewe. Dalali alikuwa nayo. Kijana akaiskani kwa 300 dpi, ya rangi, sio nyeusi na nyeupe inayougeuza muhuri kuwa doa, halafu kwenye picha akabakiza chaneli ya bluu peke yake, muhuri wa bluu ukafifia na maandishi meusi yakabaki. Hapo h ikaonekana. Kifungu cha 9 nacho kikatokea chini ya ukurasa pale kopi ilipokatwa, ni notisi ya miezi mitatu, na mimi nilikuwa najiandaa kuhama mwezi ujao jamani.

Muhtasari wake aliuweka kila kifungu na kipande cha picha pembeni, ukitilia shaka unaangalia mwenyewe. Kodi kwenye muhtasari wa kwanza ilikuwa 1,800,000, yeye akasoma maneno yaliyo mbele ya tarakimu, "milioni moja na laki tatu", akarekebisha. Mstari mmoja wa kifungu cha 9 karatasi imechanika, akaandika tu "hausomeki, muulize mwenye nyumba". Hiyo ndo kazi.

Kwa huyo kijana ningewapa nyota nne. Ila wamenitoza upya kazi ya pili kama vile ya kwanza ilikuwa sawa, na yule dada hajaomba radhi mpaka leo, kwa hiyo moja. Mbili basi, kwa ajili ya kijana, na ukienda muulizie yeye.